Sifa za Mkwe Katika Faili Langu

Kakuma, 12 Februari 2023

Kwa Baba mkwe wangu Maalim Abdulghani, mtaa wa Sofia, Voi.

Assalamu alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, magoti hayakusumbui, na mvua imeshaangalia upande wenu. Huku kambini vumbi ndilo tunalokula, chakula cha mgao kimepunguzwa tena, lakini uhai upo. Mjukuu wako Nuha hajambo. Meno ya mbele yameota yote na anasoma Juzuu Amma bila kuchungulia. Akicheka anafanana nawe, majirani hawaamini nikiwaambia babu yake ni imamu.

Nimekupigia simu tangu Desemba. Inaita, haipokewi. Nikasema labda simu ni mbovu, karatasi haina betri.

Baba, shauri lenyewe ni hili. Ofisi ya wakimbizi imenihoji kwa ajili ya kuhamishiwa nchi ya tatu, mbali, tukaishi huko moja kwa moja. Sikuomba mimi. Huku haombi mtu. Wanakuchagua wao wakiona hali yako, na mimi wameniona mwanamke peke yangu na mtoto, tena yaliyompata marehemu baba yangu mzazi kule Uvira, Kongo, yameandikwa tangu siku niliyoandikishwa. Hakuna ahadi. Ni faili limefunguliwa, basi.

Lakini faili limekwama mahali pamoja. Nuha ana baba, na baba yake ni mwanao. Afisa ameniambia mtoto hapandi ndege na mzazi mmoja huku mzazi wa pili hajulikani amekubali au amekataa. Wanataka cheti cha talaka. Wanataka idhini ya Sufian iliyoapiwa, pamoja na nakala ya kitambulisho chake, au amri ya mahakama kwamba mtoto ni wa kulelewa na mimi. Cheti sina, unajua kwa nini. Sufian alinipa talaka kwa mdomo, 2018, sebuleni kwako, wewe ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha kuegemea, akatoka na begi. Tangu siku hiyo mmekuwa mkiniambia hamjui aliko.

Sasa afisa amesema, kama kuna kiongozi wa dini aliyetufungisha ndoa na kushuhudia talaka, aandike taarifa ya kuunga mkono. Aseme yeye ni nani, ananijuaje, alichokiona kwa macho na alichokisikia kwa masikio, atie sahihi, muhuri, namba ya simu na nakala ya kitambulisho. Wanaweza kumpigia kuhakikisha. Taarifa hiyo pekee haitoshi, lakini itanipa pa kushika ninapokwenda kortini. Usiandike kwamba mimi ni mwema. Andika tu ulichokiona. Anwani ya ofisi nimeiweka nyuma ya karatasi hii, ukitaka kuituma moja kwa moja.

Baba, huyu ni Nuha. Nisipopata karatasi hizi, nitaambiwa niende bila yeye au nibaki. Na bila yeye siendi.

Nuha anakuamkia.

Mwanao, Mwanamina


Voi, 30 Aprili 2023

Kwa binti yangu Mwanamina.

Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Marahaba. Barua yako ilinifika mwanzo wa Ramadhani, na wewe ulikaa nyumba hii, unajua imamu mwezi ule hana nafasi hata ya kujikuna. Tumefunga salama, Idi tumeisali uwanjani, na watu walikuwa wengi mpaka mikeka ikaisha. Ndovu wamevunja tangi la maji la jirani mara ya pili. Kule Rukanga, Kasigau, nasikia hawakuacha hata mche wa mahindi. Mimi magoti ni yale yale.

Nimefurahi kusikia mtoto anasoma. Furaha hiyo nimeipata peke yangu, maana aliyestahili kuipata nami amelala makaburini tangu 2021. Bibi yake alilazwa wiki nyingi. Kila mlango ukifunguliwa alikuwa akiuliza, "Nuha huyo?" Nilikutumia nauli ya watu wawili. Hukuja. Sikuuliza wakati ule na sasa siulizi.

Kuhusu taarifa unayoitaka. Binti yangu, kuandika si kazi, muhuri uko mezani. Lakini imamu hapendi kuandika talaka. Imamu huandika suluhu. Nimefikiri sana. Talaka ni neno, na neno linaweza kuzungumzwa upya. Sufian ni kijana, alikosea. Kama faili hilo lina nafasi ya mke na mtoto, litakosaje nafasi ya mume? Jina lake likiingia, mimi naamini atapatikana haraka sana, na idhini unayoitafuta haitahitajika tena kwa sababu baba atakuwa amekaa kiti cha pembeni. Hivyo mtoto atakuwa na wazazi wote wawili, na mimi nitaandika kwa furaha karatasi tatu, si moja.

Fikiria. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Mzee wako, Abdulghani


Kakuma, 21 Mei 2023

Kwa Baba.

Assalamu alaykum na shikamoo. Huku tuko salama. Nuha alipatwa na malaria akapona. Pole kwa ndovu, pole kwa mahindi ya watu wa Rukanga. Kuhusu marehemu mama, Mungu amlaze pema. Zaidi ya hapo leo siandiki.

Baba, "atapatikana haraka sana." Nimeusoma mstari huo mara nyingi, kama mtu anayetafuna mchele wenye changarawe. Miaka mitano mtu hajulikani aliko, kisha ananusa ndege, anapatikana!

Ngoja nikueleze wanavyofanya kazi watu hawa, labda hujui. Sufian akiingia kwenye faili kama mume, tutahojiwa mbalimbali, yeye chumba hiki na mimi kile. Tulilala lini mara ya mwisho nyumba moja? Nani anampeleka mtoto hospitali? Watalinganisha majibu na yale niliyoyasema nilipoandikishwa upya 2018, kwamba nimeachwa. Wakipata uongo, faili zima linafungwa, pamoja na Nuha. Na Sufian si mtu wa mke mmoja. Ndiyo, najua. Najua kuhusu Valentine, yule binti wa Werugha aliyekuwa akileta kabichi sokoni, aliyesilimu na ukamfungisha wewe mwenyewe. Voi si mji mkubwa, Baba, na wanawake wa soko wana simu. Nchi hizo hazipokei mtu na wake wawili. Amfanyeje Valentine, amfiche chini ya kitanda?

Sitasema uongo kwenye faili langu. Yaliyomo humo ni mabaya ya kutosha, lakini yote ni kweli, na ukweli huo ndio mali pekee niliyotoka nayo Uvira.

Nakuomba tena, kwa heshima ileile. Andika ulichokiona. Mistari mitano inatosha.

Mwanamina


Voi, 9 Julai 2023

Kwa binti yangu mpenzi Mwanamina.

Amani iwe nawe na kwa wote walio karibu nawe. Sisi hatujambo kabisa, alhamdulillahi. Tumechinja Idi Kubwa, nyama imegawiwa mtaa mzima, mpaka majirani zetu Wakristo wamepata fungu lao. Baridi ya milimani imetushukia kidogo, usiku tunajifunika.

Nimekaa nikayapima maneno yako, nikaona umesema kweli: kazi ya kiongozi ni kumuunga mkono aliye wake. Taarifa nimeiandika. Nimeituma ofisini kwa anwani uliyonipa, imepokewa na kutiwa sahihi. Nakala yako nimeiandika hapa chini na kuipiga muhuri, uihifadhi. Utaona kwamba sikukunyima kitu.

"KWA YEYOTE ANAYEHUSIKA. Mimi, Abdulghani, imamu wa msikiti huu kwa miaka ishirini na mbili, nathibitisha kwamba namjua Bi Mwanamina kama mke halali wa mwanangu Sufian. Niliwafungisha nikaha mwenyewe Agosti 2013, hapa Voi. Ni mwanamke mwenye haya, mpole, mwenye kushika ibada, anayependwa na ukoo wetu wote. Ndoa yao iko imara hadi leo. Mumewe, ambaye ni raia wa Kenya, anaishi nyumbani kwetu mtaa wa Sofia, namba ya kitambulisho chake na ya simu nimeziandika hapa chini, na yuko tayari siku yoyote kumpokea mkewe na binti yao. Nyumba iko, upendo upo, na hawana haja ya kutangatanga nchi za mbali. Naomba apewe kila msaada wa kurudi kwa mumewe."

Umeona sifa hizo? Hata marehemu mke wangu sikuwahi kumsifu hivyo kwa maandishi.

Ulitaka kiongozi aseme, kiongozi amesema.

Mzee wako akupendaye, Abdulghani


Kakuma, 15 Oktoba 2023

Kwa Maalim Abdulghani.

Assalamu alaykum. Sisi tu wazima. Nuha yuko darasa la tatu. Hiyo ndiyo habari ya nyumbani, sasa tuingie ndani.

Nimeitwa Agosti. Afisa hakunionyesha karatasi yako, ila aliniuliza, kwa adabu, kwa sababu ni haki yangu kujibu: "Mama, kuna mtu anasema ndoa yako haijavunjika. Ni kweli?" Nikamwambia karatasi anayoisema ninayo, nikaitoa kwenye mkoba. Akaniuliza tena: kama nimeolewa na raia wa Kenya zaidi ya miaka saba na ndoa ingali hai, je, najua kwamba naweza kuomba uraia hapa hapa? Na mwenye uwezo wa kukaa salama alipo, wa nini kumpeleka nchi ya tatu? Hapo ndipo nilipokuelewa, Maalim. Ungenitukana ungenisaidia. Ungeandika kwamba mimi ni malaya, wangesema huyu mzee ana chuki, wakaitupa. Wewe ukanivika shada la maua, na ndani yake ukaweka kisu. Kazi nzuri. Faili limesimamishwa.

Nililia siku hiyo, usidhani sikulia. Nililia mpaka Nuha akaenda kuniitia jirani. Kisha nikaifungua nakala yako tena, nikaisoma polepole, na kicheko kikanijia.

Maalim, umesahau nini? Miaka mitano nilishindwa kwenda kwa Kadhi kwa jambo moja tu. Kila wakili wa msaada aliniuliza, "Huyo mume yuko wapi, tumpelekee hati ya kuitwa shaurini?" Na mimi nilikuwa na maneno ya sokoni tu, ushahidi sina, kwa sababu ninyi mlisema hamjui aliko. Sasa imamu mwenyewe, kwa muhuri wa msikiti, ameandika mtaa, nyumba, namba ya simu na ya kitambulisho, na kwamba yupo siku yoyote. Wakili aliposoma alivua miwani, akaifuta, akasoma tena.

Kesi imefunguliwa kwa Kadhi wa Voi, kwa njia ya mtandao. Sihitaji ruhusa ya kutoka kambini. Nitakaa mbele ya kompyuta ya watu wa msaada wa sheria. Nimeomba mawili. Kama ndoa imekufa tangu 2018, mahakama iseme hivyo. Kama ingali hai kama ulivyoapa, basi mwanao alipe nafaka, yaani matunzo ya mke, tangu siku aliyotoka na begi hadi leo. Achague. Na wewe umeorodheshwa shahidi.

Hati ya kuitwa italetwa nyumbani mchana, nimeomba hivyo, na atakayefungua mlango bila shaka ni Valentine. Naye alipoolewa aliambiwa mume hana mke. Wazazi wake kule juu Werugha waliambiwa hivyo hivyo, na wewe ulikuwa msemaji. Sasa ataisoma barua yako ya sifa, imefungwa pamoja na hati. Apate kujua jinsi mke mwenza wake alivyo mpole.

Na kuhusu mama, kwa kuwa ulinisukumia lile neno la kaburini. Ruhusa ya kusafiri nilikuwa nayo mkononi, ya mimi na mtoto. Nilikuwa nimefunga mizigo. Sufian akanipigia kwa namba ya mtu: "Mlete tu. Akishaingia Sofia hatoki tena." Nyuma yake nikasikia sauti ikisema, "Usimwambie sasa, mwache aje kwanza." Sauti hiyo naijua. Imenisalisha Tarawehe miaka minne. Mama alimkosa mjukuu wake kwa ajili yako, si yangu, na kama hukulijua hilo, lijue leo.

Nilikulilia, ukanicheka. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Ingia.

Mwanamina


Voi, 25 Februari 2024

Kwa Mwanamina.

Waalaykumu ssalaam. Sijui nianze na salamu zipi. Nyumba ni kimya. Napika mwenyewe, naunguza.

Yale ya mahakamani uliyaona, ila uliyaona kwa kioo, mimi niliyaona kwa mwili. Uso wako ulikuwa mkubwa ukutani, Kadhi chini yake, na waumini wangu wamejaa mabenchi. Kadhi aliniuliza mara moja tu: "Maalim, barua hii ni yako?" Nikasema ni yangu. "Ni kweli?" Mas-hafu, Kurani yenyewe, iko mbele yangu. Nikikubali, mwanangu anadaiwa na nimewadanganya wakwe zangu wa Werugha. Nikikataa, mimi ni imamu wa uongo. Nikasema magoti yananiuma, nikaomba kukaa.

Na huku bado natafuta neno, Sufian akasimama. Hakuniangalia. Akasema, "Mheshimiwa, mimi sidaiwi nafaka ya mke. Huyu nilimwacha zamani, sebuleni, baba yangu akisikia. Hiyo barua aliiandika mwenyewe, mimi sikumtuma." Mwanangu wa kumzaa. Ule ushahidi niliokunyima wewe, yeye aliutoa bure ili asilipe. Kadhi akaandika tarehe ya talaka, akaagiza upewe cheti, akaniambia mimi maneno ambayo sitayarudia.

Ya mtoto ukayapeleka kwa hakimu, mahakama ya watoto, na huko nako nikaenda nikitumaini. Nilijua atapigania damu yake. Alipoambiwa kwamba mtoto akibaki atamlipia matunzo, aliomba kalamu. Alitia sahihi ya kukuachia malezi na ya mtoto kutoka nchini, akatoa kitambulisho kitolewe nakala, akauliza kama kuna mahali pengine pa kutia sahihi. Mimi nilikuwa nyuma nikiita jina lake.

Valentine ameondoka. Baba yake, Mzee Obadiah, alishuka kutoka Werugha na pikapu, akapakia vitu bila kunyanyua sauti. Nilimkaribisha chai. Akasema, "Maalim, tulikupa mtoto kwa sababu wewe ni mtu wa Mungu." Hakunywa. Binti ana mimba ya miezi sita. Sufian amekwenda Mombasa, au kwingine, na safari hii kweli sijui aliko. Kamati ya msikiti imeuchukua muhuri. Nasali safu ya nyuma.

Kama nimekukosea, nisamehe. Umelipiza, umeshinda, na hukuniachia kitu. Nakuomba moja. Nasikia wanaosafiri hupitishwa Nairobi kabla ya ndege. Nijulishe siku. Nitapanda treni ya asubuhi, nitasimama nje ya geti, nimuone Nuha hata kama ni kwa mbali. Sitasema neno. Nimuone tu alivyokua, maana nilimuona mwisho akiwa na miaka mitatu.

Abdulghani


Voi, 1 Septemba 2024

Kwa Mwanamina.

Salamu. Nimekuandikia mara mbili baada ya ile, sijapata jibu. Labda posta. Valentine amejifungua mvulana, nasikia, sijaonyeshwa. Nijulishe siku.

Abdulghani


Nairobi, 18 Machi 2025

Kwa Maalim Abdulghani.

Waalaykumu ssalaam. Barua zako zote nilizipata. Posta haina kosa.

Habari za kwetu ni hizi. Cheti cha talaka kilipoingia kwenye faili, na idhini ya Sufian juu yake, ofisi ililifungua tena. Faili likapelekwa Kanada. Tukahojiwa na watu wao wenyewe, swali kwa swali, na yale yale niliyoyasema tangu mwanzo nikayasema tena. Tukapimwa kifua na damu. Mimi nimepewa hati ya kusafiria ya mkimbizi na kibali cha serikali cha kutoka. Nuha amepewa pasipoti ya Kenya, kwa sababu yeye ni raia kupitia baba yake. Hicho ndicho alichopewa na ukoo wenu, na nakishukuru. Tumefundishwa theluji ni nini na jinsi ya kufunga mkanda wa ndege. Tangu juzi tuko Nairobi.

Umeniomba nikusamehe. Sijakusamehe. Watu hapa wananiambia nisisafiri na kinyongo, kinafanya mizigo kuwa mizito. Nimekipima, nakiweza. Ulikuwa na mistari mitano tu ya kuandika, yote ya kweli, na ungeiandika, Nuha angekuja Sofia akuage, akae mapajani mwako, ale halua. Ningemleta mwenyewe, Maalim. Ulijua ukweli kuliko mtu yeyote hai, ukaukalia kwa sababu ulitaka kuuza. Uliposhindwa kuuza ukataka kumzika mtoto wangu kwenye kambi ile maisha yake yote, ili uonekane umeshinda.

Nakutakia uishi miaka mingi. Uishi ukisali safu ya nyuma, uishi ukisikia kwamba kule Werugha kuna mvulana anakua, ana meno kama yako, na babu anayemjua ni Obadiah. Nilitaka hilo likupate na limekupata. Sitasema uongo kwamba sikulitaka.

Siku ya ndege ni leo usiku. Barua hii namwachia mwanamke mmoja wa hapa, nimemwambia aitie posta wiki ijayo. Kwa hiyo usipande treni. Ukifika kwenye mstari huu, sisi hatupo, na hakuna geti la kusimama nje yake.

Jambo moja limebaki. Nuha ana miaka tisa, anaandika vizuri. Jana aliniona naanza barua hii, akauliza ni ya nani, nikamwambia ni ya babu wa Voi. Akachukua karatasi, akakuandikia. Amekuuliza kama bado unaumwa magoti. Amesema akifika huko atasoma awe daktari aje ayatibu. Amechora mzee mwenye kofia, hakujua ndevu ziwe ndefu kiasi gani, akaniuliza mimi. Akaikunja mara nne akanipa niitie ndani ya bahasha yako. Imo mkobani mwangu, na itapanda ndege nasi.

Leo asubuhi, akifungwa viatu vipya, ameniuliza, "Mama, umeitia?"

Nimemwambia, "Nimeitia."

Mwanamina